Kabla ya kuuza kiwanda, wenye hisa waulize bei imetoka wapi

Wafanyabiashara wadogo wengi wa Mabawa, jijini Tanga, wanajua kupima bei ya gunia la mahindi kwa kulitazama tu. Wanajua pia kiwanja kinauzwaje, na lori lililotumika miaka minane linauzwaje. Kinachowasumbua wengi ni bei ya biashara yenyewe, ile inayoendelea kuzalisha, yenye mashine, wateja, wafanyakazi na deni benki. Anapotokea mnunuzi na kutaja tarakimu kubwa, mara nyingi wenye mali hugawanya tarakimu hiyo kwa idadi yao, wakafurahi, wakaweka saini. Baada ya miezi michache ndipo hugundua kwamba walichopewa mkononi si kile walichokihesabu kichwani.

Suala hili si la wenye mashine za kusaga peke yao. Linawahusu wakulima waliomo katika vyama vya ushirika vyenye viwanda, wafugaji wenye hisa katika usindikaji wa maziwa, na wananchi walionunua hisa za kampuni zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Siku ya kuuza, wote hawa huletewa bei iliyokokotolewa na wataalamu, nao hutakiwa kupiga kura ya ndiyo au hapana. Njia inayotumiwa zaidi na wataalamu hao haina uchawi wowote. Mtu anayeweza kuhesabu riba ya mkopo anaweza kuifuata hatua kwa hatua, na akaona mahali bei inapoweza kuvutwa juu au kushushwa chini bila mwenye mali kutambua.

Uchukuliwe mfano wa kubuni. Washirika kumi wa Mabawa wana kiwanda cha kukoboa na kusaga mahindi na kufungasha sembe. Mahindi hununuliwa Handeni, Kilindi na Korogwe wakati wa mavuno, na unga huuzwa katika maduka ya Makorora, Ngamiani na Chumbageni. Kiwanda kina deni la shilingi milioni 60 benki na fedha taslimu milioni 5. Mnunuzi kutoka nje ya mkoa anasema atatoa milioni 150 kwa kiwanda kizima. Kila mshirika anapiga hesabu ya haraka kwamba atapata milioni 15. Je, hesabu hiyo ni sahihi, na je, bei hiyo ni ya haki? Hayo ni maswali mawili tofauti, na kila moja lina jibu lake.

Hatua ya kwanza ni kujua kiwanda kinabakiza fedha kiasi gani kwa mwaka baada ya kulipia kila kinachohitajika ili kiendelee kufanya kazi. Tuseme mauzo ya mwaka ujao yanakadiriwa kuwa milioni 400. Mahindi, umeme, mishahara, mifuko na usafiri vinachukua milioni 330. Inabaki milioni 70. Mashine nazo zinachakaa, na uchakavu huo unakadiriwa kuwa milioni 20 kwa mwaka, hivyo faida ya uendeshaji ni milioni 50. Kodi ya makampuni ya asilimia 30 inachukua milioni 15, inabaki milioni 35.

Uchakavu ni gharama ya vitabuni tu. Mwaka huo hakuna mtu aliyelipwa hizo milioni 20. Kwa hiyo zinarudishwa, na jumla inakuwa milioni 55. Hata hivyo, kuna fedha nyingine zinazotoka kweli lakini hazionekani kwenye hesabu ya faida. Kwanza ni ununuzi wa vinu, mota na mizani mipya, ambao ni milioni 25. Pili ni fedha inayonaswa ndani ya biashara inapokua, yaani mahindi zaidi ghalani na unga zaidi uliochukuliwa na wenye maduka kwa mali kauli. Hiyo ni milioni 6. Zikitolewa zote mbili, kinachobaki ni milioni 24.

Hizo milioni 24 ndizo wataalamu huziita mtiririko huru wa fedha wa kampuni. Ni huru kwa maana kwamba zikitolewa kiwandani, kiwanda hakitatetereka. Mwakani kitasaga kama kawaida. Ni za kampuni, si za wenye hisa peke yao, kwa sababu riba ya benki bado haijaondolewa. Katika fungu hilo benki itachukua riba na marejesho yake, na washirika watachukua kinachosalia. Ndiyo maana thamani itakayotokana na fungu hilo itakuwa thamani ya biashara nzima, inayowahusu benki na washirika kwa pamoja.

Hapa lipo jambo moja la kuangaliwa kabla ya kusonga mbele. Biashara nyingi ndogo zinaonekana kubakiza fedha nyingi kwa sababu baadhi ya gharama hazijaandikwa. Mshirika mmoja anasimamia kiwanda bila mshahara, au jengo ni la mshirika mwingine asiyetoza kodi ya pango. Tuseme pango la haki ni shilingi 300,000 kwa mwezi, yaani milioni 3.6 kwa mwaka. Baada ya nafuu ya kodi ya mapato, ni karibu milioni 2.5 kwa mwaka zisizokuwa faida halisi ya kiwanda. Kiasi hicho kinaonekana kidogo, lakini kwa hesabu zitakazofuata hapa chini kinaongeza thamani ya kiwanda kwa karibu milioni 17 ambazo hazipo. Mnunuzi makini ataligundua jambo hilo siku ya kwanza, kwa sababu yeye atalazimika kulipa pango. Ni heri washirika waliandike wenyewe mapema. Katika mfano huu, pango na mshahara wa msimamizi vimekwisha kuhesabiwa ndani ya zile milioni 330.

Hatua ya pili ni kukubali kwamba shilingi ya mwakani si sawa na shilingi ya leo. Washirika wameweka fedha yao mahali penye hatari: mvua ikikosekana Handeni, mahindi hupanda bei na wateja hawakubali unga upande kwa kasi hiyo hiyo. Tuseme kwa hatari hiyo wanataka faida ya asilimia 24 kwa mwaka. Benki inatoza riba ya asilimia 17, lakini kwa kuwa riba hupunguza kodi, gharama halisi ya mkopo ni karibu asilimia 12. Theluthi mbili ya mtaji ni ya washirika na theluthi moja ni ya benki. Ukichanganya kwa uzito huo, wastani unakuwa asilimia 20. Hicho ndicho kiwango cha punguzo.

Kwa kiwango hicho, milioni 24 zitakazopatikana mwakani zina thamani ya milioni 20 leo, kwa sababu milioni 20 zikizalisha asilimia 20 zinakuwa milioni 24 mwaka ukiisha. Fedha ya mwaka wa pili inapunguzwa mara mbili, ya mwaka wa tatu mara tatu, na kuendelea. Nafuu ya kodi itokanayo na riba imekwisha kuingizwa kwenye kiwango hiki. Anayeipunguza tena kwenye kodi ya kiwanda anaihesabu mara mbili.

Tuseme basi kwamba fedha huru zinatarajiwa kuwa milioni 24 mwaka wa kwanza, kisha 27, 30, 33, na 36 mwaka wa tano. Zikipunguzwa kwa asilimia 20, thamani yake ya leo ni milioni 20, 18.8, 17.4, 15.9 na 14.5. Jumla ni karibu milioni 86 na nusu. Inafaa kuona kwamba ingawa fungu la mwaka wa tano ni kubwa kuliko yote, kwa leo ndilo dogo kuliko yote. Hivyo ndivyo muda na hatari vinavyokula fedha iliyo mbali.

Lakini kiwanda hakitafungwa mwaka wa tano. Kitaendelea kusaga, na mtu hawezi kuandika makadirio ya kila mwaka hadi mwisho wa dunia. Kwa hiyo wataalamu hufanya jambo moja: huchukulia kwamba kuanzia mwaka wa sita fedha huru itakuwa ikikua kwa kiwango kimoja kisichobadilika, milele. Kiwango hicho huitwa ukuaji wa kudumu. Thamani ya miaka yote hiyo kwa pamoja, ikitazamwa kutoka mwaka wa tano, hupatikana kwa kugawanya fedha ya mwaka wa sita kwa tofauti kati ya kiwango cha punguzo na kiwango cha ukuaji.

Kwa kiwanda cha Mabawa, tuseme ukuaji wa kudumu ni asilimia 5. Fedha ya mwaka wa sita itakuwa milioni 36 na nyongeza ya asilimia 5, yaani milioni 37.8. Tofauti kati ya asilimia 20 na asilimia 5 ni asilimia 15. Milioni 37.8 zikigawanywa kwa asilimia 15 zinatoa milioni 252. Hiyo ndiyo thamani ya mwisho. Kwa kuwa ni thamani ya mwaka wa tano, nayo lazima irudishwe hadi leo kwa kupunguzwa miaka mitano, na inakuwa karibu milioni 101. Kusahau hatua hiyo ya kuirudisha ni kosa linalotokea, na kosa hilo moja lingeongeza milioni 151 hewani.

Ukijumlisha milioni 86 na nusu za miaka mitano na milioni 101 za miaka yote iliyobaki, thamani ya kiwanda kizima inakuwa karibu milioni 188.

Sasa yanaweza kujibiwa yale maswali mawili. Mnunuzi aliyetaja milioni 150 kwa kiwanda kizima ametaja thamani ya biashara yote, pamoja na sehemu ya benki. Kabla mshirika yeyote hajapata shilingi, deni la milioni 60 litalipwa. Zile milioni 5 zilizopo sandukuni zitaongezwa. Kinachobaki kwa washirika ni milioni 95, na kila mmoja ataondoka na milioni 9 na nusu, wala si 15. Kwa upande wa haki, makadirio yanaonyesha milioni 188. Ukiondoa deni na kuongeza fedha taslimu, washirika wangestahili milioni 133, yaani milioni 13.3 kila mmoja. Tofauti ya karibu milioni 3.8 kwa kila mtu ndiyo nafasi ya mazungumzo, ikiwa makadirio yenyewe ni ya kweli.

Na hapo kwenye ukweli wa makadirio ndipo panapohitaji macho makali zaidi. Katika hesabu hii, zaidi ya nusu ya thamani yote, asilimia 54, imetokana na miaka ambayo hakuna aliyeikadiria mmoja mmoja. Imetokana na tarakimu mbili tu, punguzo na ukuaji, na hasa tofauti iliyo kati yake. Tofauti hiyo ikipungua kidogo, thamani hupanda kwa kasi.

Ukuaji ukipandishwa kutoka asilimia 5 hadi 8 na kila kitu kingine kikaachwa, thamani ya kiwanda inapanda kutoka milioni 188 hadi karibu 217. Ukiacha ukuaji kwenye asilimia 5 ukashusha punguzo kutoka asilimia 20 hadi 16, thamani inafika karibu milioni 259. Ukifanya yote mawili kwa pamoja, inafika karibu milioni 327. Kumbuka kwamba deni halibadiliki. Kwa hiyo fungu la washirika linatoka milioni 133 hadi 272, zaidi ya mara mbili, bila kusaga hata gunia moja la ziada. Mchezo huo huo hufanyika kwa upande wa pili: mnunuzi anayetaka bei ndogo atapandisha punguzo na kushusha ukuaji, na karatasi yake itaonekana safi vilevile.

Ni kiwango gani basi cha ukuaji wa kudumu kinachokubalika? Upo mpaka mmoja usiovukika. Hakuna kiwanda kinachoweza kukua milele kwa kasi kuliko uchumi wa nchi kilichomo, kwa sababu kingefika mahali kikawa kikubwa kuliko nchi yenyewe. Mfumuko wa bei nchini Tanzania kwa miaka ya karibuni umekuwa kati ya asilimia 3 na 5. Kiwanda kinachouza kiasi kile kile cha unga kila mwaka, kikapandisha bei sawa na mfumuko, kitakua kwa kiwango hicho hicho. Anayeandika asilimia 5 anadai kwamba kiwanda kitalingana na kupanda kwa bei, labda na nyongeza ndogo. Anayeandika asilimia 8 au 10 anadai kwamba tani za unga nazo zitaongezeka kila mwaka bila kikomo. Huyo aulizwe mahindi yatatoka wapi, yatasagwa na mashine ipi na yatauzwa kwa nani.

Swali la mashine ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa maana ndilo linaloficha kosa la pili. Ukuaji hauji bure. Katika mfano huu, mwaka wa tano kiwanda kinatumia milioni 25 kununua vifaa. Mtaalamu mmoja anaweza kusema kwamba kufikia mwaka huo mashine zote zitakuwa mpya, kwa hiyo milioni 5 za ukarabati zinatosha. Fedha huru ya mwaka huo inaruka kutoka milioni 36 hadi 56. Kwa kuwa mwaka wa tano ndio msingi wa miaka yote inayofuata, thamani ya mwisho nayo inaruka kutoka milioni 252 hadi 392, na thamani ya kiwanda kwa leo inapanda kutoka milioni 188 hadi karibu 252. Karatasi hiyo inadai kwamba vinu vitasaga milele, tena vikiongeza kazi kila mwaka, bila kubadilishwa. Hakuna fundi wa mashine Tanga atakayekubali hilo.

Dalili ya kosa hili hupatikana kwa kulinganisha mistari miwili ya mwaka wa mwisho wa makadirio: uchakavu na ununuzi wa vifaa. Katika biashara inayodaiwa kukua, ununuzi wa vifaa hauwezi kudumu chini ya uchakavu, kwa sababu mashine mpya huwa ghali kuliko ile iliyonunuliwa zamani, na nyongeza ya uzalishaji inahitaji vifaa vya ziada. Ukikuta uchakavu ni milioni 20 na vifaa ni milioni 5, simama hapo hapo.

Ipo pia njia fupi ya kupima thamani ya mwisho bila kurudia hesabu yote. Igawanye kwa fedha huru ya mwaka wa mwisho. Milioni 252 kwa milioni 36 ni mara 7. Ni sawa na kusema kwamba mwaka wa tano mtu angekubali kulipa fungu la miaka 7 ili akichukue kiwanda. Kwa makadirio yale ya punguzo la asilimia 16 na ukuaji wa asilimia 8, jibu ni mara 13 na nusu. Washirika wajiulize kama kuna mtu wanayemjua aliyelipa fedha ya miaka 13 na nusu kwa mashine ya kusaga. Kama hayupo, tarakimu hizo hazikutoka sokoni.

Mambo haya hayaishii kwenye viwanda vya mtaani. Tanga imeyashuhudia kwa ukubwa wake katika kiwanda cha saruji cha Pongwe. Kampuni ya Tanga Cement, inayouza saruji ya Simba, iliorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2002, na ina hisa zaidi ya milioni 63. Oktoba 2021 ilitangazwa kwamba AfriSam ingeuza hisa zake, asilimia 68.33, kwa Scancem, kampuni tanzu ya HeidelbergCement ya Ujerumani, kwa takriban shilingi bilioni 137. Kwa kuwa kundi hilo hilo lilikuwa tayari linamiliki Twiga Cement ya Wazo Hill, suala la ushindani likazuka. Tume ya Ushindani iliidhinisha mwaka 2022, Baraza la Ushindani likatengua uamuzi huo mwaka huo huo, mpango ukakamilika mwaka 2023, na mwaka 2024 sehemu kubwa ya hisa hizo ikaingia mikononi mwa Amsons, kundi la makampuni la Kitanzania.

Katika mvutano wote huo, watu wengi mitaani walizungumzia bilioni 137 kana kwamba ndiyo bei ya kiwanda. Haikuwa hivyo. Ilikuwa bei ya fungu la mwenye hisa mmoja. Ukiigawanya kwa asilimia 68.33, unapata kwamba hisa zote kwa pamoja zilipimwa kwa karibu bilioni 200. Na hizo bado ni hisa tu. Kampuni ilikuwa na mkopo mkubwa iliouchukua kujenga tanuri la pili la klinka, na thamani ya biashara nzima ni hisa pamoja na deni, ukiondoa fedha taslimu. Hesabu ni ile ile ya kiwanda cha Mabawa, ila imefanywa kinyume: pale deni linaondolewa ili kujua fungu la wenye mali, hapa linaongezwa ili kujua thamani ya kiwanda.

Tanuri hilo linafundisha jambo lingine. Katika miaka ya ujenzi wa mradi mkubwa, fedha huru ya kampuni hukauka au huwa hasi, ingawa vitabu vyaweza kuonyesha faida. Kiwanda kama hicho hakiwezi kupimwa kwa fedha ya mwaka mmoja. Lazima makadirio yaendelee hadi mwaka ambao tanuri linafanya kazi kwa uwezo wake wa kawaida na ununuzi wa vifaa umerudi kwenye kiwango cha kawaida. Mwaka huo ndio unaofaa kuwa msingi wa thamani ya mwisho. Na deni likiwa la dola, kila shilingi inaposhuka, deni hilo linakuwa kubwa zaidi kwa shilingi na fungu la wenye hisa linapungua, hata kama thamani ya kiwanda haikutikisika. Vilevile, anayekadiria kwa shilingi atumie punguzo la shilingi. Kuchukua mapato ya shilingi, yanayobeba mfumuko wa bei wa hapa, na kuyapunguza kwa riba ndogo ya dola ni kuvimbisha bei kwa kuchanganya vipimo.

Njia hii ina mipaka yake, na ni vizuri ikasemwa. Haifai kwa biashara ambayo haijulikani kama itakuwepo miaka mitano ijayo, wala kwa ile inayomtegemea mtu mmoja kiasi kwamba akiondoka wateja wanaondoka naye. Haifai kwa machimbo ambayo mawe yake yatakwisha, kwa sababu huko hakuna milele. Makadirio yaishie pale akiba inapokwisha. Kwa biashara iliyolala, bei ya mashine na kiwanja inaweza kuwa kipimo bora. Tena hesabu haitoi bei moja ya kweli. Inatoa upana. Kwa kiwanda cha Mabawa, ukuaji ukiwa kati ya asilimia 3 na 5 na punguzo likiwa asilimia 20, thamani ni kati ya milioni 174 na 188. Mtaalamu anayetoa tarakimu moja bila upana wake amempa mteja nusu ya kazi.

Ipo haja, basi, kwa viongozi wa vyama vya ushirika na bodi za kampuni kubadilisha utaratibu. Waraka unaowataka wanachama au wenye hisa waamue kuhusu mauzo uandikwe kwa Kiswahili, na katika ukurasa wa kwanza uonyeshe mambo machache: fedha huru ya mwaka wa mwisho wa makadirio, pamoja na uchakavu na ununuzi wa vifaa wa mwaka huo, kiwango cha punguzo na cha ukuaji wa kudumu, sehemu ya thamani inayotokana na thamani ya mwisho, na deni litakaloondolewa kabla ya wenye hisa kulipwa. Taarifa hizo zinaenea katika nusu ukurasa, na mtaalamu aliyefanya kazi yake anazo tayari.

Kwa upande wao, wakulima na wafanyabiashara wasikubali kupiga kura siku ile ile waraka unaposomwa. Waombe wiki mbili, wakae na mhasibu wao, wapandishe na kushusha ukuaji na punguzo kwa asilimia moja moja, waone bei inakwenda wapi. Mnunuzi mkweli hatakimbia kwa sababu ya wiki mbili. Na wale washirika kumi wa Mabawa, kabla ya kujibu zile milioni 150, wana swali moja la kuanza nalo: je, bei hiyo ni kabla au baada ya kulipa deni la benki?